Ulimi na midomo vinapovimba baada ya kula kamba au karanga: nini cha kufanya, hatua kwa hatua hadi hospitali

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu amekula kamba wa kukaanga au mchicha wa karanga, na dakika kumi baadaye mdomo wa juu umejaa na ulimi unakuwa mzito. Nyumbani analetewa maziwa, anapewa kidonge cha aleji, kisha anaambiwa ajilaze chumbani apumzike kwanza. Wengi hupata nafuu, na hapo ndipo kosa linapoota mizizi, kwa sababu safari ijayo watafanya vilevile. Safari hiyo ulimi unaweza kuendelea kuvimba mpaka uzibe njia ya hewa.

Mwongozo huu unaanza na dalili ya kwanza na kuishia siku mgonjwa anaporudi jikoni kwake. Umeandikwa kwa ajili ya aliyekaa karibu na mgonjwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hataweza kusoma wala kuamua.

## Vitu vya kuwa navyo

Vingi vimo ndani ya nyumba tayari. Kama kuna mtu mwenye mzio unaojulikana, viwekwe mahali pamoja leo.

- Simu yenye chaji na salio. Inatumika kama saa, kama tochi na kwa kuitia usafiri.
- Kanga, shuka au mto wa kuinulia miguu.
- Namba za bajaji au teksi mbili za jirani, wanaopokea simu hata usiku.
- Karatasi moja yenye majina ya dawa zote anazotumia mgonjwa, hasa za presha, za moyo na za pumu.
- Sindano ya adrenalini ya kujichoma, kama daktari alishamwandikia. Famasi za mtaani hazina kwa kawaida, kwa hiyo mwongozo huu hauitegemei.
- Jina la kituo cha karibu chenye adrenalini, kinachofanya kazi saa 24.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Adrenalini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwa kwenye orodha si kuwa kabatini usiku wa Jumapili. Pita kituoni mchana, muulize nesi: "Mtu akija amevimba ulimi usiku, adrenalini ipo?" Akisita, tafuta kituo kingine cha kukimbilia. Ukiwa Dar es Salaam, karibu na hospitali ya Muhimbili, Amana, Temeke au Mwananyamala, lenga huko moja kwa moja.

## Kwa nini ni dharura wakati ni mdomo tu umevimba

Mwili wa mwenye mzio huichukulia protini ya kamba au karanga kama adui. Chembe za kinga zilizo chini ya ngozi na kwenye utando wa koo, mapafu na utumbo humwaga kemikali zake kwa mkupuo mmoja, na histamini ni mojawapo. Mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja maji. Mahali penye nyama laini, kama midomo, ulimi na koo, panajaa kwanza.

Kinachoonekana nje ni mdomo tu. Ndani, mirija ya mapafu inaweza kuwa inabana, na maji yanayovuja mwili mzima yanashusha presha. Mtu anaweza kuzidiwa kwa kukosa hewa au kwa kukosa damu ya kutosha kwenye ubongo, na hakuna anayejua mapema kipi kitatangulia.

Dalili huanza dakika chache baada ya kula, na mara nyingi kuanza kwake hakuvuki saa mbili. Kwa waliofariki kwa mzio wa chakula, pumzi au moyo ulisimama mara nyingi yapata nusu saa tangu kula. Ukizipoteza dakika 20 kusubiri kidonge kifanye kazi, umekula sehemu kubwa ya muda wote uliokuwa nao.

## Hatua ya 1: Aache kula, na saa iangaliwe

Ateme kilichomo mdomoni. Kama bado anameza vizuri, asukutue kwa maji mara moja na kuyatema.

Angalia saa na ukumbuke dakika mbili: alipokula na alipoanza kuwashwa au kuvimba. Daktari atauliza, na majibu ya "muda si mrefu" hayamsaidii.

Usimtapishe. Chakula kinachomdhuru kimeshapita kwenye utando wa mdomo na tumbo, na matapishi yakipanda wakati ulimi umevimba yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usimpe maziwa, madafu, mkaa, ndimu wala asali. Hakuna hata kimoja kinachozuia uvimbe, na kila kinywaji kwa mtu asiyemeza vizuri ni hatari ya kupaliwa.

## Hatua ya 2: Mchunguze kwa dakika moja, usizidishe

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu wanatafuta vipele pekee. Fuata mpangilio huu, kutoka juu kwenda chini.

Sauti. Mwambie ataje jina lake na anapokaa. Sauti ya mtu ambaye ulimi au koo linavimba hubadilika, ikawa nzito na ya kukwama, kama anaongea na tonge mdomoni. Kama aliongea vizuri dakika tano zilizopita na sasa sauti imekauka au imekuwa ya mkwaruzo, koo limeshahusika.

Mate. Mate yakimtoka kwa pembe ya mdomo, au akitema kila mara badala ya kumeza, njia ya kumezea imebanwa. Mtoto mdogo hatakuambia kwamba koo limembana. Atakataa kunyonya, atatoa mate mengi na kilio chake kitakuwa cha sauti ya kukauka.

Pumzi. Sikiliza karibu na mdomo, redio na televisheni zikiwa zimezimwa. Mlio mkali wakati wa kuvuta hewa unatoka kooni. Mlio kama filimbi wakati wa kutoa hewa unatoka kwenye mapafu. Kukohoa mfululizo bila mafua nako kunahesabika.

Ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, na taa ya sebuleni inaficha zaidi. Washa tochi ya simu, iweke pembeni ya mkono au tumbo ili mwanga upite kwa ubavu juu ya ngozi. Mabaka ya mzio yatajionyesha kwa vivuli vyake: vinundu vilivyoinuka, bapa juu, kama mtu aliyeumwa na mbu wengi kwa pamoja. Pitisha kiganja pia, utavihisi. Kisha angalia ndani ya mdomo wa chini na viganja. Vikiwa vimepauka, presha huenda inashuka. Na kumbuka hili: kuna wagonjwa wanaozidiwa bila kipele hata kimoja.

Tumbo na kichwa. Kutapika mfululizo, tumbo kukata ghafla, kizunguzungu, giza machoni, au mtu kusema anahisi anakufa. Hiyo ya mwisho wengi huichukulia kama woga. Usiipuuze.

Sasa uamuzi. Ulimi umevimba, au sauti, pumzi, mate au fahamu imeguswa: ni dharura, nenda hatua ya 3 mara moja. Midomo imevimba na kuna dalili nyingine yoyote, iwe mabaka ya mwili mzima au kutapika: ni dharura vilevile. Midomo pekee imevimba na kila kitu kingine kiko sawa: bado nenda kituoni sasa hivi, kwa sababu katika nusu saa ya kwanza hakuna njia ya kutofautisha uvimbe utakaoishia hapo na ule utakaoshuka kooni.

Kama ana sindano yake ya adrenalini ya kujichoma, huu ndio wakati wake. Inachomwa upande wa nje wa paja, katikati kati ya nyonga na goti, hata juu ya nguo. Usisubiri azidiwe kwanza.

Kuna hali moja inayofanana na hii. Jodari na vibua wasiowekwa kwenye barafu tangu wavuliwe hutengeneza histamini ndani ya nyama, na kupika hakuiondoi. Walaji wawili watatu wa sahani moja huwa usoni moto, kichwa kinauma na moyo unapiga mbio. Hiyo ni sumu ya samaki, si mzio. Ila ulimi ukishavimba usikae kubishana ni ipi kati ya hizo mbili; mpeleke.

## Hatua ya 3: Mlaze, na usimruhusu kusimama

Mlaze chali palepale alipo, miguu ikiwa juu ya mto au kanga zilizokunjwa, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Presha ikishuka, damu inabaki miguuni. Kuiinua miguu kunairudisha kwenye moyo.

Kama anahangaika kupumua, mwache akae, lakini miguu iwe imenyooshwa mbele yake, si kuning'inia kitini. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Anayetapika au aliyelegea alazwe ubavu.

Onyo kubwa la mwongozo huu liko hapa. Wapo wagonjwa waliokuwa wanaongea, wakainuliwa waende chooni au watembee mpaka kwenye gari, wakaanguka na moyo ukasimama. Unaposimama wakati mishipa imelegea na maji yamevuja, moyo unakosa damu ya kusukuma. Kwa hiyo asiende kunawa, asipande ngazi, asitembee mpaka barabarani kutafuta usafiri. Usafiri uje mlangoni, naye abebwe akiwa amelala.

Akiwa na pumu na pampu yake ipo, mpulizie, lakini ukijua kwamba pampu inafungua mapafu tu. Haigusi ulimi wala presha.

Na kidonge cha setirizini au piritoni? Kinapunguza muwasho na mabaka, nacho huchukua nusu saa hadi saa nzima kuanza kufanya kazi. Hakishushi uvimbe wa koo kwa wakati, hakipandishi presha. Madhara yake makubwa ni utulivu wa uongo: mabaka yanapungua, familia inashusha pumzi, wakati ndani koo linaendelea kubana. Kama anameza bila shida na umeshapanda gari, kidonge hakidhuru. Kumezwa kisha watu wakaketi kusubiri ndiko kunakoua.

Utajua umeifanya vizuri hatua hii kama mgonjwa amelala au ameketi miguu ikiwa mbele, mtu mmoja yuko kichwani kwake akiongea naye, na mwingine yuko kwenye simu akiita usafiri.

## Hatua ya 4: Usafiri wa Dar es Salaam

Ukiwa na namba ya gari la wagonjwa la kituo kilicho karibu, piga. Lakini wakikuambia halipo au litachelewa, usikae kulisubiri. Ita gari lolote. Hesabu ya jiji hili ni dakika, si kilomita.

Gari dogo ni bora kwa sababu kiti cha mbele kinalazwa. Kwenye foleni nzito bajaji inaweza kushinda: mgonjwa alale kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya anayemsindikiza, miguu ikiinuliwa kwenye chuma cha pembeni. Bodaboda usitumie. Atakaa wima, mikono yake haitakuwa na nguvu, na akipoteza fahamu njiani hakuna wa kumshika.

Chagua kituo cha karibu chenye adrenalini, si hospitali unayoipenda zaidi. Kutoka Mbagala kwenda Upanga saa kumi na mbili jioni ni safari inayoweza kula muda wote wa mgonjwa, na Kilwa Road haimhurumii mtu. Achomwe kwanza karibu, kisha ahamishwe akihitaji zaidi.

Usirudi ndani kutafuta kadi ya bima wala kumbadilisha nguo. Mtu mwingine atazileta.

Njiani endelea kumsemesha. Akiacha kuitika na hapumui, au anahema kwa kukoroma mara moja moja tu, simamisha gari, mlaze mahali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha.

## Hatua ya 5: Mlangoni, sema sentensi moja

Sisi ni watu wa salamu, lakini hapa salamu zitasubiri na hakuna atakayekuona huna adabu. Mgonjwa akibaki kwenye foleni ya mapokezi akisubiri faili, safari yote imepotea bure. Sema kwa sauti ya kusikika, ukimwendea nesi wa kwanza kumwona:

"Nesi, ana mzio mkali. Alikula kamba saa mbili na dakika kumi, ulimi umevimba na anapumua kwa shida. Anahitaji adrenalini."

Kisha ongeza mambo matatu tu: kama ana pumu, kama aliwahi kuvimba hivi, na dawa anazotumia.

Dawa za presha zina sababu maalumu. Kaptopurili, enalaprili na lisinoprili zinaweza zenyewe kuvimbisha midomo na ulimi, hata kwa mtu aliyezimeza kwa miaka, na mara nyingi bila mabaka wala muwasho. Uvimbe huo hauitiki vizuri kwa adrenalini, na daktari anapaswa kujiandaa mapema kuilinda njia ya hewa. Propranololi na atenololi nazo huifanya adrenalini iwe dhaifu. Ndiyo maana ile karatasi ya dawa ina thamani.

Kinachopaswa kufuata ni hiki. Adrenalini ya nguvu ya 1 mg kwa ml, ambayo kwenye baadhi ya chupa huandikwa 1:1000 au huitwa epinefrini, inachomwa kwenye msuli wa nje wa paja. Mtu mzima na mtoto aliyezidi miaka 12 hupewa 0.5 ml, yaani nusu ya chupa ndogo ya ml 1. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hupewa 0.3 ml. Wa miezi 6 hadi miaka 6 hupewa 0.15 ml. Mjamzito hupewa kipimo kilekile cha mtu mzima.

Paja ndilo linalochaguliwa kwa sababu msuli wake ni mkubwa na una damu nyingi, hivyo dawa inafika haraka kuliko ikichomwa chini ya ngozi ya mkono. Kuichoma moja kwa moja kwenye mshipa ni kazi ya daktari mzoefu mwenye mashine ya kufuatilia moyo. Kipimo hikihiki kikisukumwa mshipani kinaweza kuuvuruga moyo.

Kinachoharibika mara nyingi ni mpangilio. Mgonjwa anawekewa dripu, anachomwa haidrokotisoni na dawa ya kuzuia histamini, adrenalini inaachwa mpaka "ikibidi". Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Dripu inasaidia presha lakini haifungui koo. Zote zina nafasi yake, baada ya paja kuchomwa. Msindikizaji hawezi kumwamrisha daktari, ila anaweza kuuliza kwa heshima: "Daktari, adrenalini ameshapata?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Dalili za mafanikio: ndani ya dakika 5 hadi 10 sauti inaanza kurudi, mate yanamezwa, filimbi ya kifua inapungua. Mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na uso kupauka ni kazi ya dawa yenyewe. Hupita baada ya dakika chache. Kama dakika 5 zimepita bila nafuu, sindano ya pili hutolewa kwa kipimo kilekile.

## Mfano mmoja, dakika kwa dakika

Tuseme ni dada wa miaka 26, mkazi wa Tandika, ana pumu ya tangu utotoni. Anakula kamba wa kukaanga nyumbani saa 2:10 usiku.

Saa 2:16 midomo inawasha. Aliwahi kuwashwa hivyo mwaka jana na ikapita, kwa hiyo anaendelea kula. Saa 2:20 mdomo wa juu umejaa, na mdogo wake anagundua kwamba hawezi kutamka vizuri. Tochi inaonyesha mabaka shingoni na ndani ya viwiko.

Shangazi anataka kumkorogea maziwa. Mdogo mtu anasema, "Shangazi, asinywe kitu, tumlaze tu." Saa 2:22 amelala, miguu kwenye mto, bajaji imeitwa. Anaomba kwenda kunawa uso. Anakataliwa, analetewa kitambaa chenye maji. Saa 2:27 anabebwa kwenye shuka hadi ndani ya bajaji. Njiani anaanza kukohoa, anapuliziwa pampu mara nne. Saa 2:39 wamefika.

Saa 2:42 anachomwa 0.5 ml pajani. Presha ni 80/50. Saa 2:47 presha imefika 95/60, lakini ulimi ni uleule na filimbi ya kifua bado ipo. Hapa wengine wangesema dawa imeshaingia, tusubiri. Anachomwa ya pili, anawekewa oksijeni na maji ya chumvi ya mshipani, na salbutamoli ya kuvuta. Saa 2:55 anataja jina lake kamili bila kukwama, presha ni 110/70.

Saa 7:30 usiku, karibu saa 5 baadaye, mabaka yanarudi tumboni na anaanza kukohoa tena. Nesi yuko pale na anachomwa mara ya tatu. Dakika kumi baadaye ametulia. Anaruhusiwa mchana wa siku ya pili.

Angekuwa amerudi nyumbani saa nne usiku akiwa anajisikia vizuri, wimbi hilo la pili lingemkuta usingizini, milango imefungwa.

## Hatua ya 6: Usimtoe hospitali mapema

Adrenalini huisha mwilini haraka, na chembe zilizomwaga kemikali zinaweza kumwaga tena. Wimbi la pili haliwapati wote. Mara nyingi hutokea ndani ya saa 12 za kwanza, ingawa linaweza kuchelewa hadi siku tatu.

Kwa aliyevimba ulimi, omba akae chini ya uangalizi angalau saa 6. Kama alihitaji sindano zaidi ya moja, ana pumu kali, au kwao ni mbali na kituo, alale hadi asubuhi. Gharama ya kitanda cha usiku mmoja inauma, lakini safari ya pili saa tisa usiku haina uhakika wa kufika.

Usiku wa kwanza nyumbani asilale peke yake chumbani. Aepuke pombe, mazoezi makali na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na asipirini, kwa kuwa vyote hivyo vinaweza kuamsha au kuzidisha mzio.

## Hatua ya 7: Kurudi jikoni

Mpaka daktari athibitishe kwa vipimo na kwa historia yake, chakula kilichomvimbisha kisiguswe kabisa. Usimjaribu nyumbani kwa kipande kidogo "tuone." Mara moja iliyopita haikuambii ijayo itakuwaje, aliyewashwa midomo tu anaweza kubanwa koo safari inayofuata.

Kamba na jamii yake. Protini inayosumbua zaidi kwenye kamba haiharibiwi na moto, kwa hiyo kukaanga sana au kuchemsha mara mbili hakusaidii. Inapatikana pia kwa kaa, kamba kochi na uduvi, na aina yake ipo kwa pweza, ngisi na chaza. Uduvi ndio unaowaponyoka wengi, kwa sababu unatiwa mkavu na mdogo kwenye mchuzi na hauonekani kama kamba. Samaki wa mapezi kama changu na nguru wana protini nyingine kabisa, na wengi wenye mzio wa kamba huwala bila shida, lakini hilo lithibitishwe na daktari.

Pale soko la samaki la Feri, na kwa wakaangaji wa jioni mitaani, karai moja hupitisha kamba, ngisi, samaki na hata chipsi. Mafuta yanabeba protini. Kwa hiyo kuagiza chipsi tu si usalama. Uliza karai limekaanga nini. Hata mvuke wa chungu cha kamba unaochemka unaweza kumbana kifua mwenye mzio mkali, kwa hiyo asikae jikoni wakati huo.

Karanga. Zinajulikana kwenye kashata na siagi ya karanga, lakini hatari ni pale zinaposagwa. Kisamvu, mchicha, mchuzi wa kuku na uji wa lishe hutiwa karanga bila mtu kuziona. Uji wa lishe unawapata watoto hasa: unga unanunuliwa umeshachanganywa, na mashine iliyosaga karanga asubuhi inasaga mahindi mchana. Kwa mtoto mwenye mzio, nunua nafaka nzima, zioshe na uzisage nyumbani.

Usiulize "kuna karanga?" peke yake, kwa sababu jibu la haraka huwa hapana. Uliza "mchuzi huu umeuunga na nini?" Mpishi atataja kimoja kimoja, nawe utasikia mwenyewe.

Kwa mtoto wa shule, andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja na mwalimu wa darasa akae nayo: jina la chakula, dalili tatu za kwanza (midomo kuvimba, sauti kubadilika, kutapika), maneno "MLAZE, ASISIMAME, PELEKA KITUONI MARA MOJA", jina la kituo na namba mbili za simu za wazazi. Bandika nakala nyuma ya daftari lake la mazoezi, mahali ambapo hata mwalimu wa zamu asiyemfahamu ataiona.